Gumegume, fataki na ganda la shaba: kipi kilimlaza askari chini?

Swali: Katika picha na filamu za vita vya zamani vya Ulaya naona askari wamesimama wima, bega kwa bega, wakipigana risasi kwa umbali wa hatua chache tu. Kwa nini hawakulala chini au kujificha? Nimesoma kwamba bunduki za gumegume zilifuatwa na za fataki, kisha zikaja za kujazwa nyuma. Ni badiliko lipi kati ya hayo lililoondoa ile mistari, na kila moja lilimaanisha nini kwa askari mwenyewe?

Jibu: Fataki, yaani kikofia kidogo kinachowasha baruti kwa kugongwa na nyundo, ilimwezesha askari kupiga bunduki mvua ikinyesha, lakini ilimwacha amesimama vilevile. Kilichomlaza chini ni bunduki ya kujazwa nyuma. Mabadiliko hayo mawili yalifuatana kwa karibu mno katika karne ya 19, na nchini Prussia, dola la Kijerumani la wakati huo, yalianza karibu pamoja, ndiyo maana huchanganywa mara kwa mara. Ili tofauti yake ionekane, inafaa tuanze na kazi iliyofanywa na mikono ya askari kabla ya kila mlio.

Tuchukue bunduki ya gumegume ya askari wa miguu wa Uingereza wakati wa vita dhidi ya Napoleoni. Urefu wake ulikuwa takriban sentimita 140, uzito wake ulizidi kilo 4, na tundu la kasiba lilikuwa na upana wa milimita 19 hivi, bila mifereji yoyote ndani. Askari alibeba baruti na risasi ya mviringo vikiwa vimefungwa pamoja katika kifurushi cha karatasi. Alivuta nyundo ya bunduki hadi nusu, akang'ata ncha ya kifurushi kwa meno, akamimina baruti kidogo kwenye kifa, yaani kile kisahani kilicho ubavuni mwa kasiba, akakifunika kwa bamba la chuma. Kisha alisimamisha bunduki kitako chini, akamimina baruti iliyobaki mdomoni mwa kasiba, akasukumia risasi pamoja na karatasi yake, akachomoa mdeki, yaani ufito mrefu wa kushindilia, akashindilia hadi chini, akaurudisha mdeki mahali pake. Hapo ndipo alipoinua bunduki, akavuta nyundo hadi mwisho na kufyatua. Jiwe la gumegume lililobanwa kwenye nyundo lilikwaruza bamba, cheche zikaangukia kifa, na moto ukapenya katika kitundu chembamba hadi kwenye baruti iliyomo ndani. Askari aliyefunzwa vizuri aliweza kurudia yote hayo mara tatu kwa dakika, ingawa vitani, akiwa amechoka na kasiba imejaa masizi, kasi hiyo haikudumu.

Ukizifuata hatua hizo moja baada ya nyingine, sehemu kubwa ya swali lako inajibika. Baruti humiminwa, nayo haimiminiki kuelekea juu. Mdeki wa karibu mita moja unahitaji nafasi ya mkono kupanda na kushuka. Mtu akilala kifudifudi hawezi kufanya lolote kati ya hayo. Askari wepesi waliotangulia mbele ya jeshi walijifunza kugeuka chali na kujaza bunduki wakiwa wamelala, lakini kazi hiyo ilikuwa ya polepole na yenye usumbufu mwingi, na haikuwezekana kufundishwa jeshi zima kama njia ya kawaida ya kupigana.

Kubanana bega kwa bega kulikuwa na sababu yake nyingine. Risasi ilitengenezwa ndogo kuliko tundu la kasiba kwa zaidi ya milimita moja, ili iteremke hata masizi yakiongezeka, kwa hiyo ilitoka ikigongagonga kuta na kwenda upande wowote. Kumlenga mtu mmoja aliye mbali kuliko mita 100 kulikuwa ni kubahatisha. Zaidi ya hayo, bunduki nyingi zilikataa kulia. Jiwe lililika na kuhitaji kubadilishwa baada ya milio ishirini au thelathini, kitundu kiliziba kwa masizi, na unyevunyevu kidogo kwenye kifa ulitosha kuharibu kila kitu. Mara nyingine baruti ya kwenye kifa iliwaka kwa mwako mkubwa mbele ya jicho la askari huku ile ya ndani ikibaki baridi. Kamanda mwenye silaha ya namna hiyo hakuweza kumtegemea askari mmoja mmoja; alitegemea kikosi kizima kifyatue pamoja, ili risasi chache zilizokwenda sawa ziwe nyingi kwa jumla. Mstari ule uliouona kwenye filamu ulikuwa ndiyo silaha yenyewe, na kila askari alikuwa kipande chake tu. Pia ulikuwa kinga dhidi ya askari wa farasi, ambao wangewamaliza watu waliotawanyika kabla hawajajaza bunduki mara ya pili.

Fataki ilianzia kwa mwindaji wa ndege. Alexander Forsyth, kasisi wa Belhelvie katika eneo la Aberdeenshire huko Uskoti, alikerwa na bata waliokuwa wakiuona mwako wa kifa na kuruka kabla risasi haijawafikia. Mwaka 1807 alipata hataza ya mtambo uliotumia kemikali inayolipuka kwa kugongwa, badala ya jiwe na cheche. Miaka iliyofuata mafundi mbalimbali waliipa kemikali hiyo umbo rahisi: kikofia kidogo cha shaba nyekundu, chenye chembe ya fulminati ya zebaki ndani yake, kinachovishwa juu ya kinundu chenye tundu mahali palipokuwa na kifa. Nani hasa alikuwa wa kwanza kukitengeneza ni jambo walilogombania wenyewe wakiwa hai. Nyundo ikikigonga kikofia, mwali huingia moja kwa moja kwenye kasiba bila kupitia hewani.

Mwaka 1834 jeshi la Uingereza lilizipima bunduki za aina zote mbili huko Woolwich, katika hali mbalimbali za hewa, milio 6,000 kwa kila aina. Zile za gumegume zilikataa zaidi ya mara 900, yaani karibu mara moja katika kila sita au saba. Zile za fataki zilikataa mara 36 tu. Hakuna ufundi wa askari ulioweza kuziba pengo kubwa kiasi hicho, na kabla muongo huo haujaisha uamuzi wa kubadili silaha ulikuwa umekwishafanywa.

Tofauti hiyo ilidhihirika uwanjani tarehe 30 Mei 1841, karibu na kijiji cha Sanyuanli, kaskazini mwa mji wa Guangzhou nchini China, wakati wa Vita vya Kwanza vya Kasumba. Mvua kubwa ilinyesha huku majeshi ya Uingereza yakirudi nyuma, na kombania moja ya askari wa Kihindi wa Rejimenti ya 37 ya Madras ikapoteana na wenzake katikati ya mashamba ya mpunga. Askari hao walikuwa bado na gumegume. Baruti kwenye vifa iligeuka tope, bunduki hazikulia, na maelfu ya wanakijiji wenye mikuki mirefu wakawazunguka. Walijipanga mraba na kujilinda kwa singe peke yake hadi usiku, ndipo kombania mbili za askari wa majini zilipotumwa kuwatafuta. Hao wa majini walikuwa na bunduki mpya za fataki, na katika mvua ileile walifyatua kama kawaida na kuwatawanya washambuliaji.

Hata hivyo, tazama ni nini ambacho fataki haikukigusa. Yule askari wa majini aliendelea kung'ata karatasi kwa meno, kumimina baruti kutoka juu, kuchomoa mdeki na kushindilia akiwa wima. Kasi yake ilibaki milio miwili au mitatu kwa dakika. Alipata pia kero mpya: fataki ni ndogo kuliko ukucha wa kidole kidogo, na kuitoa mfukoni na kuivisha mahali pake kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi, au vinavyotetemeka kwa hofu, ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Akiisahau, nyundo inapiga kinundu kitupu, na katikati ya kelele na moshi anaweza asijue kwamba bunduki yake haikulia. Anashindilia risasi ya pili juu ya ya kwanza, pengine na ya tatu. Baada ya mapigano ya Gettysburg nchini Marekani, Julai 1863, miongoni mwa bunduki zilizookotwa uwanjani zilikuwamo maelfu zenye risasi zaidi ya moja ndani ya kasiba. Bunduki ya kujazwa mdomoni haimwonyeshi mwenyewe kilichomo ndani.

Katika kipindi hicho cha fataki yalitokea maendeleo mengine ambayo sitayachambua sana, ingawa yaliua watu wengi: risasi ndefu yenye shimo kwenye kitako, ambayo huteremka kwa urahisi lakini hutanuka inapofyatuliwa na kuishika mifereji ya ndani ya kasiba. Kuanzia miaka ya 1850 askari wa kawaida aliweza kumdhuru adui aliye mita mia kadhaa mbele yake. Mistari ya wima ikawa hatari zaidi, lakini iliendelea, kwa kuwa namna ya kujaza bunduki haikuwa imebadilika.

Wazo la kujaza bunduki kwa nyuma lenyewe lilikuwa la zamani. Kilichowashinda mafundi kwa karne kadhaa ni gesi. Baruti inapolipuka hutafuta kila upenyo, na kasiba iliyokatwa nyuma ili ifunguke ina upenyo sentimita chache tu kutoka usoni mwa askari. Johann Nikolaus Dreyse, fundi wa Sömmerda, alipata suluhisho la nusu, nalo lilitosha kuwashawishi Waprussia, ambao waliikubali bunduki yake mwaka 1840 na kuipa jina la mwaka 1841. Nyuma ya kasiba palikuwa na komeo la chuma linalovutwa na kusukumwa kwa mkono, mfano wa komeo la mlango. Risasi, baruti na kiwashio vilikaa pamoja katika kifurushi kimoja cha karatasi, na kiwashio kiliwekwa chini ya kitako cha risasi, mbele ya baruti. Askari akifyatua, sindano ndefu ya chuma ilitoboa karatasi, ikapita katikati ya baruti yote na kukichoma kiwashio. Kwa sababu hiyo iliitwa bunduki ya sindano.

Askari wa Prussia alifungua komeo, akatumbukiza kifurushi kwa vidole viwili, akafunga na kufyatua. Hakuhitaji mdeki, wala meno, wala fataki ya kuvisha kando. Hakuweza kushindilia risasi mbili kwa bahati mbaya, kwani kila anapofungua anaona kama mna kitu ndani. Alifyatua mara tano kwa dakika bila kujihimiza sana, na muhimu kuliko yote, aliweza kufanya hayo akiwa amepiga goti, amelala kifudifudi, au amejibanza nyuma ya ukuta huku kichwa na mikono tu ndivyo vinavyoonekana.

Mfano ulio wazi zaidi ninaoufahamu ni mapigano madogo ya Lundby, kaskazini mwa Jutland nchini Denmark, tarehe 3 Julai 1864. Kombania moja ya Prussia yenye watu 124 ilijikinga nyuma ya tuta la udongo pembeni mwa kijiji. Wadenmark waliozidi 150, wenye bunduki za fataki za kujazwa mdomoni, waliamua kuwashambulia kwa singe wakiwa wamepangwa safu nene, bila kusimama njiani kufyatua. Mbinu hiyo ilikuwa na mantiki yake. Piga hesabu: Waprussia walianza kufyatua adui alipokuwa kama mita 200 kutoka kwao, na mtu anayekimbia na mzigo huhitaji zaidi kidogo ya dakika moja kuzimaliza. Dhidi ya bunduki za zamani, kila mlinzi angepata nafasi ya kufyatua mara mbili au tatu, jumla milio kama 300, tena akiwa amesimama na yeye mwenyewe kuwa shabaha. Kwa bunduki ya sindano kila mmoja angeweza kufyatua mara sita au saba, jumla karibu milio 800, huku kiwiliwili chake kikiwa kimefichwa na tuta. Wadenmark hawakulifikia tuta. Katika muda usiofika dakika 20 walipoteza takriban nusu ya watu wao kwa kufa, kujeruhiwa na kutekwa. Upande wa Prussia walijeruhiwa watu watatu.

Miaka miwili baadaye, tarehe ileile ya 3 Julai, somo hilohilo lilirudiwa kwa majeshi makubwa huko Königgrätz katika nchi ya Bohemia. Waaustria walikuwa na bunduki ya fataki yenye mifereji, iliyofika mbali na kulenga vizuri kuliko ile ya sindano. Lakini walifundishwa kushambulia kwa singe katika makundi yaliyobanana, hivyo faida ya umbali waliitupa wenyewe, wakaingia katika umbali ambao kasi ndiyo iliyoamua. Waliondokewa na watu wapatao 44,000, wakiwamo waliotekwa, ilhali Waprussia walipoteza kama 9,000. Bunduki haikuwa sababu pekee ya ushindi ule, na mizinga ya Austria siku hiyo ilifanya kazi nzuri kuliko ya Prussia. Lakini baada ya Julai 1866 hakuna serikali ya Ulaya iliyoendelea kubishana kuhusu kujaza nyuma.

Mabishano hayo yalikuwa yamedumu miaka 25, na waliopinga hawakuwa wajinga. Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba askari akiweza kufyatua haraka atafyatua ovyo. Askari wa Prussia alibeba vifurushi 60 hivi. Kwa milio mitano kwa dakika, akiba yote huisha katika dakika 12, na farasi wa kuleta nyingine yuko nyuma kilomita kadhaa. Waprussia walilijibu tatizo hilo kwa mafunzo: walisisitiza kulenga, kusubiri amri, na kutofyatua mpaka adui awe karibu. Kwa maoni yangu hapo ndipo palipokuwa na ubora wao hasa, kwani bunduki ya sindano mikononi mwa jeshi lisilo na nidhamu ya kufyatua ingethibitisha kila walichokihofu wapinzani wake.

Silaha yenyewe ilikuwa na kasoro ambazo askari alizijua vizuri. Sindano, kwa kuwa ilikaa katikati ya moto kila mlio, ililika na kukatika, hivyo kila mtu alipewa za akiba na kufundishwa kuzibadilisha palepale uwanjani. Komeo halikuziba sawasawa. Kadiri bunduki ilivyochakaa ndivyo gesi ya moto ilivyomrudia mfyatuaji usoni, hata wengine wakaacha kuiegemeza begani na kulenga, wakawa wanafyatua kutoka kiunoni. Wafaransa waliboresha mwaka 1866 kwa bunduki ya Chassepot, iliyozibwa kwa pete ya mpira na kufika mita 1,200, mara mbili ya ile ya Prussia. Matokeo yake yaliwapata Waprussia wenyewe tarehe 18 Agosti 1870 huko Saint-Privat, ambapo kikosi chao cha walinzi wa mfalme kilipanda mteremko ulio wazi kikiwa kimejipanga kwa mtindo wa zamani, na kupoteza zaidi ya watu 8,000 wengi wao kabla hawajafika karibu kiasi cha kuweza kujibu.

Tatizo la gesi lilimalizwa na ganda la shaba ya manjano. Waingereza, waliokuwa na maghala yaliyojaa bunduki za fataki, walichagua mwaka 1866 kuzikata nyuma na kuzifungia mlango wa kando uliobuniwa na Mmarekani Jacob Snider, wakitumia risasi yenye ganda iliyosanifiwa na Kanali Edward Boxer. Ganda linapolipuka ndani hutanuka na kuzigandamiza kuta za chemba, yaani sehemu ya nyuma ya kasiba inapokaa risasi, likaziba upenyo wote kwa sekunde ile ya shinikizo, kisha hunywea kidogo na kutolewa. Kwa maneno mengine, sehemu inayozuia gesi hutupwa na kuwekwa mpya kila mlio, kwa hiyo haiwezi kuchakaa kama pete ya mpira au komeo. Fataki sasa imepachikwa kwenye kitako cha ganda, na baruti imefungiwa mbali na maji. Askari anaweza kuvuka mto na kufyatua ng'ambo, na kasi ya milio kumi kwa dakika haikuwa ajabu tena. Hitilafu mpya ilikuwa kukwama. Ganda laini lililopashwa moto na mfululizo wa milio lilinata ndani ya chemba, na kitoleo kiling'oa kitako na kuliacha ganda limebaki ndani. Waingereza waliisumbukia kasoro hiyo huko Abu Klea nchini Sudani mwaka 1885, katika jangwa lenye vumbi na joto, ambapo bunduki nyingi za Martini-Henry zilikwama adui akiwa amewakaribia kabisa.

Kwa askari mwenyewe, kulala chini kulileta usalama pamoja na upweke. Aliyesimama kwenye mstari alihisi bega la mwenzake kila upande na kusikia sauti ya ofisa hatua chache nyuma yake. Aliyelala nyuma ya jiwe, mita kadhaa kutoka kwa mwenzake, aliachiwa kuamua mwenyewe amlenge nani, afyatue lini na abakize risasi ngapi. Majeshi yalichukua muda kukubali kwamba mtu wa cheo cha chini kabisa angepewa uamuzi huo. Isitoshe, baruti nyeusi iliendelea kutoa wingu la moshi mweupe juu ya kila aliyejificha, mpaka Wafaransa walipoanza kutumia baruti isiyo na moshi mwaka 1886. Askari wengi wa jeshi la Wajerumani hapa Afrika Mashariki walikuwa bado na bunduki za Mauser za mwaka 1871 za baruti nyeusi walipopigana Tanga mnamo Novemba 1914, na moshi ulifichua mahali walipolala.

Magobori yaliyofika kwetu kupitia Zanzibar katika karne ya 19 yalitokana kwa sehemu kubwa na mabadiliko haya, maana kila jeshi la Ulaya lilipobadili silaha, zile kuukuu zilitafutiwa soko. Na Wazungu walijua vyema kilichomo katika tofauti hiyo. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingizwa kwa silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, ikiwamo Afrika Mashariki yote, lakini uliacha mlango wazi kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji pamoja na baruti ya kawaida. Bunduki za mifereji na za kujazwa nyuma zilibaki mikononi mwa majeshi ya wakoloni na wale walioruhusiwa nao.